Watoto 48, Sentensi Moja

*Mimi ni mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya Kismayu. Nina watoto 48. Wengi ni wa hapa mjini, na wengine wazee wao wako visiwani, Chovai, Chula na Koyama, na hapa wanakaa kwa jamaa zao. Muhula uliopita niliwaandikia wote maneno yale yale kwenye kadi ya ripoti: "Ni mwanafunzi mzuri, ana bidii na nidhamu. Aendelee hivyo hivyo." Ndivyo nilivyokuwa nikiandikiwa mimi nilipokuwa nasoma Mombasa, na ndivyo wanavyoandika walimu wenzangu.*

*Baba mmoja mvuvi alikuja shuleni na kadi mbili, ya binti yake na ya mtoto wa nduguye anayemlea. Binti ni wa kwanza darasani. Yule mvulana kusoma kunamshinda. Alikuwa amesomewa kadi zote mbili na jirani. Akaziweka juu ya meza yangu, akaniuliza: "Mwalimu, hawa wawili unawajua?" Sikuwa na la kumjibu, na tangu siku hiyo sina raha. Mwalimu mkuu ananiambia nisiandike neno baya, wazazi wataudhika na kuhamisha watoto, na shule yetu inaendeshwa kwa ada wanayolipa. Tena kadi 48 naziandika kwa siku mbili. Nifanyeje?*

*Mwalimu wa darasa la nne, Kismayu*

Barua yako ilikuwa na ukurasa wa pili ambao siuchapishi wote, ili watoto wasitambulike mtaani. Huko umenieleza kwamba yule mvulana akisoma huweka kidole chini ya kila herufi na hukwama palepale, kwenye maneno yale yale. Umeniambia juu ya kijana mwingine anayemsaidia mjomba wake kuuza samaki na hakosei chenji, ila hesabu za kutoa kwenye daftari zote ni makosa. Umenitajia msichana wa Chovai ambaye darasani hafungui mdomo lakini nje ya darasa huwafundisha wenzake. Hayo si maneno ya mwalimu asiyewajua watoto wake. Jibu la yule baba ulikuwa nalo, ila hukuliweka kwenye kadi. Kwa hiyo tuanze hapo, halafu tuje kwa wale wengine ambao hukuwataja.

Kwanza tuelewe kwa nini sentensi yako ilikubalika miaka yote hii bila mzazi kulalamika. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo aliyosema yametokana na majibu yake. Kumbe wote walipewa karatasi ya maneno yale yale. Alipowataka wapime kwa alama 0 hadi 5 jinsi maelezo yalivyolingana nao, wastani ulikuwa 4.26. Maneno mapana yenye sifa njema kila mtu hujiona ndani yake. Mzazi anayeshika kadi moja tu, nyumbani kwake, ataamini kwamba "ana bidii na nidhamu" limeandikwa kwa ajili ya mwanawe. Siku kadi mbili zinapolala juu ya meza moja ndipo mambo huonekana. Katika miji yetu ya pwani, ambako nyumba moja hulea watoto wa ndugu watatu, kadi mbili hukutana mapema.

Wengi wakishtuka hivyo hukimbilia dawa isiyoponya: hutunga sentensi tatu badala ya moja. Wa juu wanaandikiwa "bora sana", wa kati "mzuri, aongeze bidii", wa chini "anaweza zaidi akijitahidi". Hapo mwalimu amewapanga watoto katika makapu matatu, na kapu tayari lilikuwa limeshaonyeshwa na alama. Mzazi hajaongezewa kitu. Maoni yenye kazi husema mambo matatu ambayo alama haiwezi kuyasema: ni kitu gani hasa mtoto anakifanya sasa, ni wapi hasa anakwama, na ni hatua gani moja inayofuata. Si lazima ziwe sentensi nyingi. Mistari mitatu ya kadi inatosha, maadamu kila mstari umetoka kwenye jambo uliloliona kwa macho.

Nimchukue yule mvulana, kwa sababu ndiye anayekuumiza. Umeandika kwamba "kusoma kunamshinda", lakini ukurasa wako wa pili unasema jambo jingine kabisa. Anasoma *bad* na *nin* na *beer* bila tabu. Anapofika kwenye *caano* anasema "kaano", na *xidig* anaianza kwa "kisi". Basi kusoma hakumshindi. Zinamshinda herufi mbili, *c* na *x*. Kisomali kilipowekewa rasmi herufi za Kilatini mwaka 1972, *c* ilipewa sauti ya ain na *x* ikapewa ile ha nzito ya Kiarabu. Mtoto anayezungumza Kibajuni nyumbani, na aliyeziona herufi hizi kwanza kwenye vibandiko na maandishi ya Kiingereza, hana namna ya kulijua hilo mpaka aambiwe. Na tazama jinsi msaada ulivyo karibu: kijana huyu umesema anakwenda chuoni kila alasiri. Sauti zote mbili zimo katika Alfatiha, na anazitamka vizuri tangu utotoni. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba *c* ya kitabu cha shule ndiyo ain yake ya chuoni, na *x* ndiyo ile ha. Kadi yake ningeiandika hivi, nawe utaigeuza kwa lugha inayotumika katika kadi zenu:

*Anasoma maneno mafupi ya Kisomali bila kusita, na haruki neno hata likiwa gumu. Herufi* c *na* x *ndizo zinazomkwamisha:* caano *analisoma "kaano". Sauti zake anazijua kutoka chuoni. Kila jioni asome maneno matano yenye herufi hizo mbele ya mtu wa nyumbani.*

Linganisha na "ana bidii, aendelee hivyo hivyo". Akiendelea hivyo hivyo, darasa la tano atakuwa bado anasema "kaano". Katika maneno mapya hakuna tusi wala sifa ya uongo. Hata neno la bidii limo, ila limeonyeshwa kwa tendo: haruki neno likiwa gumu. Mlezi wake akisikia hivyo anajua umemwona mtoto akisoma, na anajua la kufanya usiku huohuo. Anayemsikiliza si lazima awe msomi wa Kisomali. Anayejua Kurani atasikia kama ain imetamkwa au haikutamkwa.

Sasa dada yake, yule wa kwanza darasani. Huyu ndiye mgumu zaidi kumwandikia, na ndiye anayedhulumiwa kimyakimya, maana alama zake zinamfanya mwalimu aone hakuna la kusema. Ningekuomba usimwandikie kwamba ana akili. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kwa akili baada ya kufaulu walipendelea kazi ambazo wana hakika watazipata, na walipokutana na kazi ngumu wakashindwa, walivunjika moyo na kufanya vibaya zaidi kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Kwa hiyo mtafute mahali anapofikia ukomo. Umesema anakumbuka hadithi nzima aliyoisoma, lakini ukimwuliza kwa nini mtu fulani katika hadithi alifanya alivyofanya, hukurudishia sentensi ya kitabu. Huo ndio ukomo wake:

*Hukumbuka hadithi yote na huisimulia kwa mpango. Akiulizwa "kwa nini" hurudia maneno ya kitabu. Muhula ujao atajibu kwa maneno yake mwenyewe, na kutoa sababu moja kutoka kwenye hadithi.*

Ziweke kadi hizi mbili pamoja juu ya meza ileile. Hakuna tena anayeweza kuuliza kama unawajua.

Kijana wa samaki anafundisha jambo tofauti: kwamba kosa lenyewe lina habari, ukilisoma badala ya kulipiga alama ya mkasi tu. Ulininakilia hesabu yake: 503 toa 168, naye ameandika 465. Jibu sahihi ni 335. Walimu wengi wangeandika "hisabati bado". Lakini fuata mkono wake kutoka kulia. Penye 3 toa 8 ameandika 5, penye 0 toa 6 ameandika 6, penye 5 toa 1 ameandika 4. Kila mahali ametoa ndogo kutoka kwa kubwa, bila kujali ipi iko juu. Hakosei kwa kubahatisha. Ana kanuni yake, ni mbovu, na anaifuata kwa uaminifu. Sokoni hakosei kwa sababu pale hatoi tarakimu kwa tarakimu. Huhesabu kwenda mbele kutoka bei hadi pesa aliyopewa. Njia hiyo ya mbele unaweza kuitumia kumwonyesha kosa lake: aanze 168, aongeze 2 afike 170, aongeze 30 afike 200, aongeze 303 afike 503. Jumla ya alivyoongeza ni 335. Mwenyewe ataona 465 haiwezekani. Kwenye kadi andika kwamba anahesabu chenji kwa usahihi kichwani, kwamba katika kutoa kwa kukopa hutoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa hata ikiwa ndogo ndiyo iliyo juu, na kwamba kila hesabu ya kutoa aihakiki kwa kuongeza kama afanyavyo sokoni. Mjomba wake ataielewa sentensi hiyo ya mwisho kuliko mtu yeyote.

Kwa msichana wa Chovai ninakusihi usiandike neno "mkimya". Wewe mwenyewe umeshuhudia kwamba si mkimya. Anazungumza Kibajuni na kueleza hatua zote za hesabu kwa wenzake, na darasani kwa Kisomali hujibu kwa neno moja. Hiyo ni hali ya lugha, na kadi ikiiita tabia, walimu watakaompokea darasa la tano na la sita watamwacha nyuma wakidhani ndivyo alivyozaliwa. Andika ulichokiona: anaeleza vizuri kwa Kibajuni, kwa Kisomali anajibu kwa neno moja, na muhula ujao atajaribu kujibu kwa sentensi nzima, akianza na zile ambazo amezifanyia mazoezi na mwenzake. Hatua ya mwisho ni yako pia, maana ni lazima umpe nafasi hiyo ya mazoezi. Maoni mazuri humfunga mwalimu kama yanavyomfunga mtoto.

Kuhusu watoto wa visiwani nina neno moja zaidi, juu ya mahudhurio. Umesema baadhi yao hukosa siku nyingi, na kadi zao hupigwa muhuri wa "ahudhurie shule". Wakati wa kusi bahari ya upande wenu huchafuka, na aliyekwenda kuwaona wazazi wake anaweza kukwama huko mpaka upepo utulie. Mzazi wake hana amri juu ya bahari. Andika idadi ya siku alizokosa, kwa kuwa ni ukweli, kisha taja somo lililompita: "Hakuwepo siku 17, zilizompita ni sehemu, yaani nusu, robo na theluthi." Hapo jamaa anayemlea Kismayu anajua pengo liko wapi, na mwalimu wa mwaka ujao naye anajua.

Kabla hujaandika, fikiri kadi itasomwa vipi. Wazee wengi wa pwani walisomea chuoni kwa herufi za Kiarabu, na maandishi ya Kilatini husomewa, kama yule mvuvi alivyosomewa na jirani. Anayesoma mara nyingi ni mtoto mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wakubwa na wadogo zake. Kwa hiyo andika sentensi fupi ambazo mtoto wa darasa la nne anaweza kuzisoma na kuzifasiri. Usiandike jambo la nyumbani: kwamba huja na njaa, kwamba ada haijalipwa, kwamba wazazi wametengana. Hayo yana mlango wake wa kuzungumziwa, na hayafai kutangazwa na jirani. Vilevile usimlinganishe mtoto na mwingine, hasa katika nyumba yenye kadi mbili.

Sasa mwalimu wako mkuu. Hofu yake usiidharau. Tangu serikali ilipoanguka mwaka 1991, shule nyingi za Somalia zimesimama kwa ada za wazazi na nguvu za jamii, na mtoto akihama, mshahara wa mwalimu unaguswa. Lakini angalia kilichotokea shuleni kwenu: mzazi aliyekuja kulalamika aliletwa na sifa. Sifa isiyo ya kweli ndiyo iliyomfanya atie shaka kadi nzima. Usiende kubishana na mwalimu mkuu kwa nadharia. Mpelekee kadi nne ulizoziandika upya, za hawa watoto wanne, na umwombe akuonyeshe neno baya liko wapi. Hatalikuta, kwa sababu "*caano* analisoma kaano" ni habari yenye dawa yake pembeni. Neno baya ni lile linalohukumu bila kuonyesha njia: mvivu, mzito, hana makini. Hayo mimi pia ningeyakataza.

Umesema una siku mbili za kuandika. Kwa siku mbili, bila maandalizi, hata mwalimu hodari atarudi kwenye sentensi moja, maana hakuna kumbukumbu inayobeba watoto 48. Kazi ifanyike kabla. Chukua daftari moja, kila mtoto ukurasa wake. Kila siku ya masomo chagua watoto wanne na uwaangalie kwa makusudi wakati darasa linafanya zoezi: msikilize mmoja akisoma mistari mitatu, tazama hesabu ya mwingine hatua kwa hatua. Kwa kila mmoja andika tarehe na mstari mmoja wa ulichokiona, na kosa lake ulinakili jinsi alivyoliandika, kwa sababu 465 itakuambia mwisho wa muhula kile ambacho "amekosa" haitakuambia. Watoto wanne kwa siku, baada ya siku 12 umewamaliza wote 48, na unaanza tena. Katika muhula wa miezi mitatu kila mtoto atapata mistari minne au mitano. Kuandika kadi hapo ni kuchagua mistari miwili kati ya hiyo na kuongeza hatua inayofuata.

Njia hii ina mipaka yake. Siku za mitihani hutaweza, na kuna siku utaugua. Kuna watoto ambao utakachokiona mara zote ni kimoja, na huna budi kubadilisha somo ili uone upande mwingine. Na mstari ulioandikwa kwa haraka huweza kuwa wa siku mbaya tu ya mtoto, kwa hiyo usiweke kwenye kadi jambo uliloliona mara moja. Lione mara mbili.

Ukishamaliza, fanya jaribio hili kabla ya kadi kutoka. Funika majina, uchanganye kadi kumi, umpe mwalimu mwenzako anayefundisha darasa hilohilo somo jingine. Amtaje mwenye kila kadi. Akibabaika kati ya watoto wawili, maoni hayo yaandike upya. Ni jaribio la nusu saa.

Kadi za watoto wawili wa yule mvuvi usingoje muhula uishe. Ziandike wiki hii kwenye karatasi ya kawaida, uwasomee watoto kwanza, kisha uzipeleke nyumbani mwenyewe, na kama baba hayuko baharini umsomee kwa Kibajuni.

Kisha rudi kwenye barua yako. Nimeisoma kurasa zote mbili, na watoto uliowaeleza kwa undani ni wanne. Wamebaki 44, na kwa kawaida hao ni wale wa katikati, wasiosumbua na wasiong'ara, ambao mwaka unaisha na mwalimu anajua jina na alama tu. Jumamosi utakapolifungua daftari lako, anza na wanne miongoni mwa hao.